Pampu Inayofaa Kazi Yenu

Barua ya kwanza ilifika Oktoba ya mwaka 1966. Ilikuwa na mistari michache tu, imeandikwa kwa wino wa buluu kwenye karatasi iliyochanwa kutoka daftari la shule:

"Kwa Meneja. Tunaomba bei ya pampu ya maji ya shamba letu. Sisi ni watu wengi na ng'ombe. Tafadhali jibu upesi. Wako, Gathogo, Mwandishi."

Basi, imeisha. Pampu ya namna gani, hakusema. Ngapi, hakusema. Maji yako mtoni au chini ya ardhi, na yako chini kiasi gani, hakusema. Shamba liko wapi, mzigo ushushwe wapi, hakuna. Kulikuwa na namba ya sanduku la posta ya Timboroa, na tarehe pia hakuna.

Mimi wakati huo nilikuwa karani katika duka moja la mashine za shamba hapa Eldoret, karibu na stesheni ya reli. Nilikuwa nimesoma kidogo huku, kidogo kule, darasa la pili kwa wamisheni, la nne kwa serikali, la sita sikumaliza. Lakini mwandiko wangu ulikuwa mzuri, na mwandiko ndio ulionipa kazi. Barua zote za kuuliza bei zilipita kwangu. Wakati ule zilikuwa nyingi. Wazungu walikuwa wanauza, kampuni za watu wetu zinanunua, na mtu aliyelala kibarua aliamka mwenye shamba la eka elfu. Akaanza kuandika barua. Trekta bei gani? Mashine ya maziwa bei gani? Kama vile trekta ni moja duniani.

Meneja alikuwa na amri moja juu ya barua hizo. Usitoe bei kwa kitu usichokijua. Tuma karatasi ya maswali. Ilikuwa karatasi iliyopigwa chapa, ina mistari ya kujaza: kina cha kisima mpaka maji, kina mpaka chini kabisa, upana wa shimo, maji yanayotakiwa kwa siku, idadi ya pampu, stesheni ya kupokelea. Karatasi nzuri. Ila ilikuwa ya Kiingereza tupu.

Nikaituma Timboroa. Jumatatu ya pili ikaja barua, nikafungua nikidhani ni majibu. Ilikuwa barua ile ile. Maneno yale yale, "sisi ni watu wengi na ng'ombe," mistari imekatika mahali pale pale. Nikatuma karatasi nyingine ya maswali. Jumatatu ikafuata barua ile ile. Na Jumatatu nyingine.

Otiende, fundi wetu wa pampu, alikuwa na mdomo. Nilipomwonyesha ya nne aliigeuza akatazama nyuma, akauliza kama huyu Gathogo anataka pampu ya maji au ya baiskeli. Tukacheka. Lakini nilianza kuziogopa zile barua. Mtu akikuuliza jambo moja mara nne kwa sauti ile ile, bila kukasirika, bila kuongeza hata neno, unaanza kujiona wewe ndiye unayekosa kusikia.

Desemba meneja alikuwa anafunga vitabu aende likizo kwao. Akapita mezani kwangu, akaona rundo, akasema yote yaishe kabla ya Ijumaa. Jibu au tupa. Ningetupa, yangekwisha. Sikutupa. Nilikuwa nimeshauzoea mkono wa yule mtu, nikamhurumia, na pia, acha niseme ukweli, nilitaka kuonekana karani anayejua kazi.

Nikakisia. Stoo kulikuwa na pampu ya petroli ya inchi mbili, ndugu ya ile tuliyouza Kesses kwa mtu mwenye mto. Nikaandika kwotesheni, karatasi ya bei: pampu moja, na mpira wake wa kuvutia maji futi ishirini, kupokelewa stesheni ya Timboroa. Moja, kwa sababu hakusema mbili. Timboroa, kwa sababu ya muhuri wa posta. Nikaiandika kwa Kiswahili ili waelewe. Karatasi ikaonekana tupu upande wa chini, haina uzito. Nikaongeza mstari mmoja wa kutoka kichwani mwangu: "Pampu hii inafaa kazi yenu." Nikapiga muhuri wa kampuni juu yake.

Barua zikakoma. Januari Hassan Osman, mwenye lori lililokuwa likibeba mizigo yetu mpaka Nakuru, akaja na pesa zote za wale wa Timboroa mkononi, akachukua ile pampu. Alisema hao ni watu wa kampuni ya kununua mashamba, wametoka Kiambu, wamepata shamba juu kule mpakani mwa msitu, na wamefurahi kama watu wa harusi.

Wiki tatu baadaye Hassan akaegesha lori mbele ya duka, akaja mpaka dirishani kwangu. Hakusalimu.

"Karani, ile pampu imeua mtu."

Akanieleza akiwa amesimama pale pale. Kisima chao kilikuwa kirefu. Waliweka pampu juu, mpira haukufika majini. Wakanunua mpira mwingine, wakaunga, wakawasha. Injini ikanguruma, tone halikutoka. Wakangoja, wakamimina maji ya kuanzishia, wakawasha tena, hakuna. Basi wakafikiri kama mtu yeyote angefikiri: kama pampu haiwezi kuyafikia maji, ipelekwe karibu na maji. Wakatengeneza jukwaa la mbao ndani ya kisima, wakaishusha kwa kamba. Mwandishi wao akashuka nayo aiwashe, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na karatasi ya duka na ndiye aliyejua kusoma. Juu walisikia injini ikiwaka. Wakashangilia. Wakamwita, hakuitika. Injini ikaendelea kunguruma peke yake mpaka petroli ikaisha.

"Mwandishi," nikasema. "Gathogo?"

"Ndiye huyo. Unamjua?"

Nikasema simjui.

Nilimtafuta Otiende nyuma, kwenye karakana. Alikuwa ameshika bomba, akaliweka chini. Aliniuliza kisima kilikuwa futi ngapi nilipotoa bei. Nikasema sikujua. Kisha akanifundisha, polepole, jambo ambalo ningeuliza Desemba lingechukua dakika moja. Pampu ya juu haivuti maji, alisema, hewa ndiyo inayoyasukuma yapande kwenye mpira. Na hewa ina mwisho wa nguvu zake. Nchi ya chini, kama pwani, inasukuma futi ishirini na kitu. Timboroa ni juu sana, hewa ni nyepesi, hata futi kumi na nane ni bahati. Kisima kirefu kinataka pampu ambayo silinda yake inakaa majini, inavutwa kwa vyuma virefu, na injini inabaki juu kwenye upepo. Injini ya petroli haishushwi shimoni. Moshi wake hauna mahali pa kwenda. Mtu anaona usingizi tu.

"Anaona usingizi tu," Otiende alirudia, akachukua bomba lake.

Jumatatu nikafungua mfuko wa barua. Ya tatu kutoka juu ilikuwa na wino wa buluu. "Tunaomba bei ya pampu ya maji ya shamba letu. Sisi ni watu wengi na ng'ombe. Tafadhali jibu upesi. Wako, Gathogo, Mwandishi."

Muhuri wa posta ulikuwa wa Jumamosi, juzi yake. Mtu alikuwa ameshazikwa. Nikaisoma nikiwa nimekaa, nikaisoma nikiwa nimesimama. Mkono ulikuwa wake. Hata ile herufi ya G aliyoizungushia mkia, ilikuwa pale. Mchana sikula. Wenzangu walipotoka kwenda kula nilibaki na ile karatasi, na duka lilikuwa kimya, na nikasikia mahali fulani nyuma ya rafu injini ndogo ikinguruma. Nikaenda kutazama. Hakukuwa na kitu. Pampu zilikuwa zimepangwa, matangi yake makavu.

Jumatatu iliyofuata ikaja nyingine. Hassan alikuja siku hiyo hiyo, akasema amesikia sokoni Burnt Forest kwamba wale watu wamechinja kondoo wa kutakasa kisima, na kesho kutwa ndugu wa marehemu atashuka kujaribu tena. Nikamwomba anipeleke. Sikumwomba meneja ruhusa.

Tulipanda Jumatano asubuhi. Baada ya Burnt Forest ukungu ukashuka barabarani, Hassan akawasha taa mchana. Alinishusha kwenye njia ya shamba, akasema atarudi saa kumi, na kwamba yeye hapendi mahali pale. Nikatembea kati ya pareto zilizoachwa, maua yamekauka kwenye shina. Nyumba ya mzungu ilikuwa haina mlango. Watu walikuwa wamejenga vibanda vyao mbali nayo, chini, na wanawake walikuwa wanapanda kutoka bondeni na mapipa ya maji mgongoni, kamba kwenye paji la uso, bila kuongea. Nilikuja kujua baadaye kwamba ni maili tatu mpaka kule kijitoni, na wanarudi jioni tena.

Kisima kilikuwa nyuma ya zizi. Kilizungushiwa saruji, na kando yake kulikuwa na miguu minne ya chuma iliyokatwa kwa msumeno. Hapo palikuwa na kinu cha upepo. Mzungu alipoondoka alikifungua akamuuzia mtu mwingine. Watu kama thelathini walisimama. Pampu yangu, ile ya inchi mbili, imekaushwa na kupakwa mafuta, ilikuwa inaning'inia kwenye kamba. Kijana wa miaka thelathini hivi alikuwa anafungwa kamba kiunoni.

Mzee mmoja mwenye koti refu akaniuliza mimi ni nani. Nikasema nimetoka dukani Eldoret. Uso wake ukafunguka. Akawageukia wenzake akasema kwa Kikuyu jambo ambalo liliwafanya wote wanitazame kwa shukrani. Walidhani duka limewaletea mtaalamu.

Huyo ndiye Mzee Gichuru, mwenyekiti wao. Akatoa kwotesheni mfukoni. Ilikuwa imekunjwa mara nne na kufungwa kwa nailoni. Akasema huyu Thuo ana woga kidogo, ndugu yake alifia humo, lakini kisima kimeshaombewa na damu imemwagika, na makosa yalikuwa ya kisima, si ya mashine, maana mashine karatasi imeithibitisha.

"Msomee, bwana," aliniambia. "Akisikia kwa mdomo wa duka atapata nguvu."

Nikaipokea. Mwandiko wangu mzuri. Nikasoma pampu moja, inchi mbili, futi ishirini, stesheni ya Timboroa. Thuo alikuwa ananitazama mdomoni. Nikasoma, "Pampu hii inafaa," nikaishusha karatasi.

"Endelea," Mzee Gichuru alisema.

"Mzee, haifai."

Nikawaambia. Sikujua kusema vizuri, nikasema hovyo. Kwamba mimi ndiye niliyeandika. Kwamba barua haikutaja kisima, wala kina, wala idadi, wala mahali, na mimi nikabuni yote. Kwamba ule mstari wa mwisho hakuna mtu aliyeuthibitisha, niliuweka kwa sababu karatasi ilikuwa na nafasi. Kwamba kilichomuua Gathogo ni moshi, na kitamuua Thuo, hata wakichinja zizi zima.

Thuo alifungua kamba kiunoni pake, taratibu, fundo kwa fundo, akaiacha ianguke.

"Kwa hivyo ulikuwa unatucheza kamari," alisema. "Ukaona hawa wa Timboroa wakipata, watapata, wakikosa, watakosa."

"Sikufikiri namna hiyo."

"Ulifikiri namna gani?"

Mwanaume mmoja alinisogelea na mpini wa jembe, na sikumlaumu. Mwanamke akapita mbele yake. Alikuwa amenyoa kichwa. Sikuhitaji kuambiwa ni mjane wa nani.

"Uliona kisima chetu wapi?" aliniuliza.

"Sijakiona, Mama."

"Njoo ukione."

Akanishika mkono wa shati, akanivuta mpaka ukingoni. Nikainama. Ubaridi ukapanda usoni, na harufu ya petroli iliyolala. Chini sana kulikuwa na kisahani cha mwanga, na kati yangu na kile kisahani kulikuwa na mbao za lile jukwaa, ubao mmoja umevunjika. Nikataka kurudi nyuma, hakuniachia. Nilitazama mpaka yeye aliporidhika.

Ndipo nikatoa zile barua mbili za mwisho, nikamuuliza, maana nisingeweza kuondoka bila kujua, ni nani anayeziandika.

Nyaguthii, ndilo jina lake, alizitazama bila kushangaa. Akaingia kibandani akarudi na bahasha zilizofungwa kwa uzi. Zilibaki tatu. Akaniambia mume wake aliziandika zote kumi na mbili kwa siku moja, wakiwa bado Githunguri, wiki ya kuhamia Timboroa kungoja shamba; sanduku la posta la huku mwenyekiti alikuwa ameshalikodi. Yeye mwenyewe hajui kusoma. Gathogo alimwambia awe anatuma moja kila siku ya soko, asichoke, mpaka maji yatoke, kwa sababu duka la wazungu halijibu mtu mweusi akiuliza mara moja. Jibu la duka lilipofika na pesa zikaenda na Hassan, yeye aliacha kutuma. Maji yalipokataa akaanza tena. Alikuwa anafanya alivyoambiwa.

"Lakini kwa nini hakuandika mahali?" nikauliza.

Mzee Gichuru ndiye aliyejibu, na sauti yake ilikuwa imezeeka. Wanachama walikuwa hawajaonyeshwa shamba. Yeye na wenzake wawili tu ndio waliolijua, na walikula kiapo wasilitaje, kampuni nyingine isije ikasikia na kulipandishia bei. Kwotesheni waliitaka mapema ili wafike na kila kitu. Gathogo alimwuliza aandike wapi, aandike kisima cha namna gani, naye akamwambia andika shamba letu, inatosha. Idadi ya wanachama pia ilikuwa inaongezeka kila Jumapili.

"Mimi ndiye niliyemzuia asiseme," alisema. "Wewe ukasema usichojua."

Akakaa chini kwenye saruji, na hakuna aliyemwinua.

"Na yale maswali niliyotuma?" nikauliza. Nyaguthii akazitoa, mbili, safi kabisa. Gathogo hakujua Kiingereza. Walidhani ni matangazo ya biashara.

Tukazijaza pale. Nyaguthii ndiye aliyesema tusiondoke bila kuzijaza. Nikalisoma kila swali kwa Kiswahili, mtu akajibu. Tulifunga jiwe kwenye kamba mpya, Thuo akaishusha, akakataa mimi niiguse. Jiwe lilipogusa maji aliweka fundo, lilipogusa chini akaweka la pili, tukainyoosha kamba juu ya majani, nikaipima kwa futi kamba ya mfukoni. Arobaini na saba mpaka majini. Sitini na moja mpaka chini. Upana futi nne na nusu. Watu mia moja na arobaini. Ng'ombe themanini na tisa. Pampu moja. Stesheni ya Timboroa. Hizi mbili za mwisho nilizipatia Desemba kwa bahati tu, na kuona nimezipatia kulinichoma kuliko zile nilizokosea.

Niliporudi nilimwambia meneja yote. Akanitukana nusu saa, halafu akairudisha ile pampu na kuwabadilishia bila kuwaongezea bei, maana aliogopa habari zisije zikafika kwa kampuni nyingine za mashamba. Otiende alikwenda mwenyewe, akaufunga mtambo wa silinda na vyuma vyake siku mbili, injini ikawekwa juu, kwenye upepo, katikati ya ile miguu minne iliyokatwa. Nilikwenda naye kumshikia spana.

Siku ya kuwasha walikuja wote. Injini ilipoanza kunguruma, wanawake watatu waliondoka, na hawakurudi mpaka ilipozimwa. Vyuma vikapanda na kushuka. Tukangoja. Bomba likakohoa kutu, kisha maji mekundu, kisha maji. Yakajaa kwenye hori, yakamwagika, na hakuna mtu aliyesogea. Ng'ombe walikunywa. Watu hawakunywa.

Nyaguthii alikwenda akakinga kwa mikono. Alinusa kwanza. Akanywa kidogo, akabaki ameinama, maji yakimchirizika mpaka viwikoni. Kisha akanikaribia.

"Alisema mpaka maji yatoke," aliniambia. "Basi hizi tatu sitatuma."

Nikamwambia ni sawa, Mama.

Nilipaswa kufurahi. Jumatatu iliyofuata nikafungua mfuko wa barua, nikatafuta wino wa buluu. Hakuna. Jumatatu ya pili nikafika mapema kabla ya posta kufunguliwa, nikangoja mlangoni, nikaupekua mfuko wote, nikaumwaga juu ya meza. Meneja akaniuliza ninatafuta nini. Barua zilikuwa nyingi, za Kitale, za Kesses, za Turbo, mtu anataka bei ya jembe la trekta, hasemi trekta ipi. Mtu anataka nyaya za ua, hasemi ua wa nini. Nikaishika kalamu niandike, mkono ukakataa. Kila barua niliiona ina mtu anayesimama nyuma yake, juu ya shimo ambalo mimi silioni, anangoja nimwambie ashuke.

Mwisho wa mwezi niliacha kazi. Nimekaa miji mingi tangu hapo, na hakuna niliokaa miaka miwili. Nikifika mahali penye kisima hulala upande wa pili wa nyumba, mbali nacho.